Jibu fupi la nyongeza: liseme lile ambalo insha kuu haikulisema

Wengi mnaoanza kujaza maombi ya chuo au ufadhili mnatumia wiki nzima kwenye insha kuu, kisha kile kisanduku kidogo kinachofuata mnakijaza usiku wa mwisho. Swali lake huwa la kawaida tu: "Kuna jambo jingine ungependa tulijue?" au "Tueleze shughuli moja iliyo muhimu kwako." Nafasi ni maneno mia, mia na hamsini, ikizidi sana mia tatu. Kwa maombi mengi niliyosaidia kuyapitia, naweza kusema hapa ndipo waombaji wazuri wanapopoteza nafasi yao bila kujua, kwa kuandika insha kuu mara ya pili kwa kifupi.

Kabla hujaandika neno lolote, chukua karatasi uorodheshe kila ambacho msomaji wa maombi yako ameshakijua kufikia hapo. Alama zako ameziona. Orodha ya shughuli ameisoma. Mwalimu aliyekuandikia barua ya mapendekezo ameshasema kwamba una bidii. Insha kuu imeshamweleza kwa nini unaipenda fani yako. Sasa jiulize: mtu anayeishi nami nyumba moja angeshangaa nini kwa kutokukiona humu? Mara nyingi jibu huwa jambo ambalo mwombaji hakulihesabu kuwa "shughuli," kwa sababu halina cheti wala kiongozi wa klabu. Kulea wadogo, kusimamia duka, kumsomea babu asiyeona, kutengeneza redio za majirani. Hayo ndiyo yanayokaa vizuri kwenye kisanduku hiki.

Nichukue mfano wa binti mmoja aliyekuwa akiomba kusomea uhandisi wa ujenzi. Insha yake kuu ilihusu daraja la mfano alilolijenga kwa vijiti, likavunjika, akalijenga tena. Ilikuwa insha nzuri. Kwenye jibu la nyongeza, lenye kikomo cha maneno mia, rasimu yake ilianza hivi: "Mbali na mapenzi yangu ya madaraja, mimi ni mtu mwenye bidii na ninayependa kutatua matatizo, jambo ambalo limenisaidia katika maisha yangu ya shule na nyumbani." Sentensi hiyo imekula robo ya nafasi yote, na msomaji hajapata kitu. Madaraja anayajua tayari. Bidii imo kwenye barua ya mwalimu. "Matatizo" hayatajwi ni yapi.

Tulipoorodhesha, likajitokeza jambo alilolitaja kama la kupita: kwamba jioni huwa anamsaidia mama yake hesabu za ushonaji. Nikamuuliza hesabu zipi, na umegundua nini humo. Baada ya maswali machache, jibu lake likawa hili:

"Kwa miaka mitatu nimekuwa mweka hesabu wa karakana ya ushonaji ya mama yangu. Kila jioni naandika daftarini mauzo, madeni na vitambaa vilivyobaki. Mwaka wa kwanza niligundua kwamba magauni tuliyoyaona kuwa ndiyo yenye faida yalikuwa yakitutia hasara, kwa sababu hatukuwa tukihesabu mabaki ya vitambaa. Nilichora upya mpangilio wa kukata, vipande vidogo vikaingia katikati ya vikubwa, na kitambaa kilichokuwa kikitoa magauni manne kikaanza kutoa matano. Mama alipinga mpaka alipoona la tano likitundikwa. Siku hizi mdogo wangu naye anajifunza kuandika, nami humkagulia mwisho wa wiki."

Jibu hili liko chini ya maneno mia, na nafasi imebaki. Tazama sentensi ya kwanza: inataja kazi, mahali na muda, bila utangulizi. Kwenye nafasi ndogo kama hii hakuna haja ya kumpasha msomaji moto. Swali lenyewe limeshafungua mlango. Kisha yapo mambo matatu tu: anachofanya kila siku, alichokigundua, alichokibadilisha. Ungeongeza la nne, tuseme kwaya au michezo, yote yangebaki majina matupu.

Kingine ni kwamba hakuna sentensi inayosema "hili limenifundisha kufikiri kama mhandisi." Aliiandika, tukaifuta. Msomaji aliyetoka kusoma habari za daraja, akakutana na mtu anayepanga vipande ili nyenzo isipotee, ataunganisha mwenyewe, na kile anachokiunganisha mwenyewe hukiamini zaidi. Hapo ndipo jibu la nyongeza linapofanya kazi yake hasa: linaongeza upande mpya wa mtu, na wakati huohuo linaifanya insha kuu isomeke kwa uzito zaidi.

Kuhusu kupunguza maneno, anza na sifa, kisha maelezo ya nia ("lengo langu lilikuwa"), kisha viunganishi vya heshima kama "ningependa kuongeza kwamba." Namba, vitendo na majina ya vitu viache viwe vya mwisho kuguswa. Waombaji wengi hufanya kinyume: wanafuta "manne" na "matano," wanabakiza "mafanikio makubwa." Ukiandika rasimu kwa Kiswahili halafu utume kwa Kiingereza, acha nafasi ya kutosha, maana kitenzi kimoja chetu kama "tuliyoyaona" kinakuwa maneno kadhaa huko, na jibu lililotosha linaweza kufurika.

Soma pia kikomo chenyewe kwa makini, kama ni maneno au ni herufi. Kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani, kwa mfano, insha kuu ina kikomo cha maneno 650, lakini maelezo ya kila shughuli yanapimwa kwa herufi 150, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Herufi 150 ni sentensi moja au mbili fupi. Huko hakuna simulizi: ni kitendo, kiasi na matokeo. Jambo likihitaji zaidi ya hapo, ndilo la kupeleka kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada, kama fomu inacho.

Kuna jambo moja nisilolichanganya na haya: kueleza alama zilizoshuka. Kama uliugua au ulihama shule katikati ya mwaka, lisemwe, lakini kwa namna yake: lini, kilitokea nini, kiliathiri masomo gani, hali ikoje sasa. Sentensi tatu au nne zinatosha. Ukilichomeka ndani ya habari za karakana, vyote viwili vinapoteza nguvu, na msomaji anaanza kuhisi unaomba huruma. Fomu ikikupa kisanduku kimoja tu na una mambo yote mawili, tanguliza maelezo ya alama ikiwa kushuka kunaonekana wazi kwenye cheti, kwa sababu swali hilo litakuwa kichwani mwake mpaka alipate jibu.

Ukimaliza, mpe mtu asiyekujua sana asome insha kuu kwanza, halafu jibu la nyongeza. Usimweleze chochote. Muulize swali moja: umejua nini kwenye la pili ambacho hukukijua kwenye la kwanza? Akitaja kitu, kazi imekwisha, tuma. Akisema "kwamba una bidii," usihangaike kupanga upya sentensi. Rudi kwenye orodha yako utafute jambo jingine la kuandikia.