Ruta Isiyojua Iko Nchi Gani

Mwezi Juni, baridi ya Mafinga ilipokuwa imekolea, niliitwa na mama mmoja mwenye steshenari aliyekuwa akilipia intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde. Kompyuta yake iliyounganishwa kwa waya ilipata takriban 95, lakini simu na kompyuta mpakato zilizotumia waifai hazikuvuka 25, hata zikiwekwa mezani pembeni ya ruta. "Mwanangu, nalipia mia napata robo," aliniambia baada ya shikamoo, na tayari fundi mwingine alikuwa amemshauri anunue ruta yenye antena kubwa zaidi.

Ruta ile ilikuwa ya mtumba, yenye bendi mbili na programu ya OpenWrt. Kwa kuwa waya ulifikisha kasi kamili, tatizo halikuwa kwa mtoa huduma, bali hewani. Niliingia kwenye ruta na kuandika amri mbili:

```
iw reg get
iw phy phy1 channels
```

Ya kwanza ilijibu `country 00`. Hiyo si nchi yoyote. Ni alama ya ruta ambayo haijaambiwa iko wapi, kwa hiyo inafuata kanuni za tahadhari zinazokusudiwa kutomkosea mtu popote duniani. Amri ya pili ilionyesha matokeo yake: kwenye gigahezi 5, kila chaneli iliyoruhusiwa ilikuwa na maneno `No IR`, maana yake redio inaruhusiwa kusikiliza lakini hairuhusiwi kuanza kurusha yenyewe. Bendi nzima ilikuwa kimya, na vifaa vyote vilikuwa vimebanana kwenye gigahezi 2.4 pamoja na ruta za majirani.

Hapo ndipo kasi ilipopotelea. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli yenye upana wa megahezi 20 na antena mbili hufikia megabiti 144 kwa nadharia, na mtumiaji huambulia nusu yake au pungufu, kabla hata ya kugawana hewa na majirani. Chaneli ya megahezi 80 kwenye gigahezi 5, kwa antena mbili zilezile, hufikia megabiti 866.

Niliweka nchi kwenye redio zote mbili:

```
uci set wireless.radio0.country='TZ'
uci set wireless.radio1.country='TZ'
uci commit wireless
wifi reload
```

Gigahezi 5 haikuwaka. Nakiri kwamba hapa nilipoteza karibu nusu saa nikidhani redio imekufa, ilhali jibu lilikuwa kwenye orodha ya chaneli ambayo nilipaswa kuisoma upya. Katika toleo la kanuni lililokuwamo ndani ya ruta ile, `TZ` ilifungua chaneli za juu tu, kuanzia 149, na mpangilio wa zamani ulikuwa bado unailazimisha redio itumie chaneli 36. Nilipoandika 149 na upana wa megahezi 80, mtandao ulijitokeza mara moja, na simu ya mama ikasoma megabiti 91. Kwa hiyo, kila unapobadili nchi, rudia amri ya pili kabla ya kuchagua chaneli, kwa maana orodha hubadilika kulingana na nchi na umri wa programu.

Fundi wa awali alikuwa amependekeza pia kuchagua nchi ya mbali inayoruhusu nguvu kubwa. Ninapinga ushauri huo. Nguvu ya kurusha hupimwa kwa dBm: 20 ni miliwati 100, na kila nyongeza ya 3 huifanya nguvu iwe maradufu. Ukiipandisha ruta hadi 30, yaani wati moja, simu yenye nguvu ndogo zaidi itaisikia vizuri kutoka chumba cha nyuma, lakini sauti yake yenyewe haitapenya kuta za matofali ya kuchoma kurudi kwenye ruta. Alama za mtandao zitajaa, na ujumbe hautatoka. Zaidi ya hayo, masafa hapa nchini yanasimamiwa na TCRA, na kanuni za nchi nyingine hazimpi mtu ruhusa ya kurushia Mafinga.

Kuna chipu ambazo kiwandani zilichomwa alama ya nchi yake. Ukiandika nchi tofauti, mfumo huchukua yale tu yanayokubaliwa na pande zote mbili, na `iw reg get` huonyesha `country 98`. Ukiona hivyo, kuandika `TZ` mara kumi hakutaongeza chaneli.

Kompyuta mpakato moja pale dukani, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, haikuiona kabisa chaneli 149. Niliiacha kwenye gigahezi 2.4, nikampa mama waya wa mita tano wa kuitumia siku za kupakua mafaili makubwa.