Aliyechagua C anajua nini?

Swali la kuchagua jibu lina herufi moja ya jibu na tatu za uongo, na walimu wengi tukitunga zoezi usiku nguvu zote huishia kwenye ile moja. Zile tatu tunazijaza kwa namba zilizofanana fanana na jibu, basi. Mimi nafundisha Hisabati shule ya msingi, na nimefikia mahali ambapo natunga kinyumenyume: naanza na makosa, jibu sahihi linakuja mwishoni. Kipotoshi, yaani chaguo lisilo sahihi, kikitungwa vizuri kinakuambia mwanafunzi anafikiri nini. Kikitungwa ovyo kinakuambia tu kwamba amekosa, na hilo ungelijua hata bila machaguo.

Nichukue mada moja tu, desimali, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine ninazozijua.

Namba ipi ni kubwa kuliko zote?
A. 0.4
B. 0.62
C. 0.375
D. 0.09

Jibu ni B. Sasa tuseme darasa lina wanafunzi 60, na unapohesabu majibu unakuta A wamechagua 9, B 21, C 27, D 3. Ukisahihisha kwa vema na kosa, unaandika kwamba 39 wamekosa, unarudia somo zima kesho. Lakini hesabu hiyo inasema zaidi. Kama watoto wote wangekuwa wanabahatisha, kila herufi ingepata kama 15. Watu 27 kwenye C hawakubahatisha. Wanajua kitu, na wanakiamini.

Wanachokijua ni kwamba 375 ni kubwa kuliko 62. Tangu darasa la kwanza mtoto huyu amefundishwa namba nzima, na kwenye namba nzima yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, siku zote, bila ubaguzi. Kanuni hiyo imempa vema nyingi kwa miaka, kwa hiyo akifika kwenye nukta anaivusha nayo upande wa pili. Na sisi walimu tunamsaidia kupotea tunaposoma ubaoni "sifuri nukta mia tatu sabini na tano". Hapo tumeshamwambia kwa sauti zetu kwamba baada ya nukta kuna mia tatu sabini na tano. Soma "sifuri nukta tatu saba tano", kila siku, na umrudishe mtoto anayesoma vingine. Ni jambo dogo, lakini linaondoa kichocheo kimoja.

Waliochagua A ndio wagumu zaidi kuwaelewa. Mwalimu mwenye haraka hudhani hawakusoma kabisa, kumbe mara nyingi wamesoma zaidi ya wale wa C. Kuna njia mbili tofauti za kufika kwenye 0.4. Wa kwanza anajua kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia, na sehemu ya mia ni kubwa kuliko sehemu ya elfu, jambo ambalo ni kweli. Kisha anahitimisha kwamba namba yoyote inayoishia kwenye sehemu za kumi inazishinda zote zilizokwenda mbele zaidi. Amesahau kuhesabu sehemu zenyewe ni ngapi. Wa pili anachanganya desimali na sehemu za kawaida: 0.4 anaiona kama 1/4, 0.62 kama 1/62, na kwa kuwa asili ikikua sehemu inapungua, 0.4 inakuwa kubwa kuliko zote.

Watoto hawa wawili wameweka alama kwenye herufi ileile, lakini dawa yao si moja. Namna ya kuwatenganisha ni kuwapa swali jingine fupi: kati ya 0.3 na 0.4, ipi kubwa? Wa kwanza atasema 0.4, kwa sababu zote ni sehemu za kumi na nne inazidi tatu. Wa pili atasema 0.3, kwa sababu kwake hiyo ni 1/3 dhidi ya 1/4. Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walilifanyia kazi suala hili kwa kina kwa kutumia jozi za desimali, na funzo nililolichukua kwao ni hilo: chaguo moja linakupa fununu, na swali la pili lililolengwa ndilo linalothibitisha. Ukimwandikia mtoto "ana tatizo la desimali" kwa sababu ya herufi moja, unaweza kuwa unamtibu ugonjwa wa jirani yake.

Kuna kosa la utungaji ambalo ni rahisi sana kupita bila kuonekana. Chukua swali lilelile, lakini weka A. 0.8, B. 0.62, C. 0.375, D. 0.09. Linaonekana zuri. Ila sasa jibu sahihi ni 0.8, na mtoto anayeamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa atapata vema, tena kwa imani yake ileile ya uongo. Umempongeza. Kwa hiyo kabla ya kutoa zoezi, pita na kila dhana potofu moja moja na ujiulize: anayefikiri hivi ataangukia wapi? Kama mmoja wao anaangukia kwenye jibu sahihi, badilisha namba.

Unavipata wapi vipotoshi? Kichwani mwako si mahali pazuri, kwa sababu wewe hesabu hiyo umeshaizoea na huoni tena inavyoweza kukosewa. Toa kwanza swali bila machaguo. Andika ubaoni 6.3 + 2.14, waache wafanye kwenye madaftari, kusanya, kisha panga majibu yasiyo sahihi kwa mafungu. Hutaona makosa sitini tofauti. Utaona mawili au matatu yanayojirudia, na hayo ndiyo machaguo yako.

Kwa swali hili jibu ni 8.44. Fungu la kwanza litakuwa 8.17: mtoto amejumlisha 6 na 2, kisha 3 na 14, akaziunganisha kwa nukta. Huyu ni ndugu wa yule aliyechagua 0.375, anaona namba nzima mbili zilizotenganishwa na kitone. Fungu la pili ni 2.77: amepanga tarakimu kwa kuzilinganisha mkono wa kulia kama alivyozoea, 3 ikakaa chini ya 4 na 6 chini ya 1. Hapa tatizo ni upangaji, na inawezekana kabisa anajua 0.62 inazidi 0.375.

Sasa kwa mwanafunzi mwenyewe, au mzazi anayekaa naye jioni. Desturi ya wengi ni kukata C, kuandika B kwa wino mwekundu na kusonga mbele. Hapo hakuna kilichojifunzwa. Jaribu hivi: kabla ya kuangalia jibu sahihi, chukua lile ulilochagua na uulize ni swali lipi lingelifanya liwe sahihi. Jibu la 8.17 lingekuwa sahihi kama swali lingekuwa 6.03 + 2.14. La 2.77 lingekuwa sahihi kwa 0.63 + 2.14. Mtoto akiziweka 6.3 na 6.03 pamoja kwenye mstari mmoja na kuulizwa kama ni namba moja, kwa kawaida anasita mwenyewe, na kule kusita kunafanya kazi ambayo maelezo yako ya robo saa yasingeifanya. Mwache aandike kando ya swali kwa maneno yake: "Nilijibu swali la 6.03." Sentensi hiyo ina faida kuliko B kumi za wino mwekundu.

Swali la "kwa nini umechagua hili?" nalo lina namna ya kuulizwa. Liulize hata kwa waliopata, tena kwa sauti ileile. Ukiwauliza waliokosa peke yao, watoto wanajua haraka kwamba kuulizwa ni dalili ya kosa, na watakujibu "nilibahatisha, mwalimu" ili yaishe. Kubahatisha kweli kupo, na ndiyo maana herufi moja haitoshi kumhukumu mtu. Nikiona mtoto kachagua 0.375 hapa, 8.17 kule, na akasoma "nukta mia tatu sabini na tano", hapo naandika. Kimoja tu, nasubiri.

Kuhusu dawa ya wale wa C, nitasema jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawalipendi. Ile mbinu ya kuongeza sifuri hadi tarakimu zilingane, yaani 0.400, 0.620, 0.375, 0.090, inaleta vema papo hapo. Lakini mtoto bado analinganisha 620 na 375 kama namba nzima. Dhana yake haijaguswa, umeificha tu mahali ambapo mtihani hauioni. Kuijua ipo au haipo, mwambie ataje namba iliyo kati ya 0.3 na 0.4. Aliyefundishwa mbinu peke yake atasema hakuna, kwa kuwa baada ya 3 inakuja 4. Kwake huyu anza na kiasi anachokifahamu. Mizani ya kidijitali ya buchani huonyesha 0.500 kwa nusu kilo na 0.250 kwa robo. Muulize 0.4 iko karibu na nusu au na robo, 0.375 imeifikia nusu au bado, kisha 0.62 imeshaipita nusu au bado. Hapo anapima ukubwa, hahesabu tarakimu.

Kama unataka kuona uchambuzi wa namna hii kwa watahiniwa wengi, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Usiishie kwenye wastani wa ufaulu. Nenda kwenye swali mojamoja, tazama kipotoshi kilichovuta wengi na sababu inayotolewa. Wakati mwingine sitakubaliana na sababu hiyo, lakini kipotoshi chenyewe nakichukua, kwa kuwa kimeshapimwa.

Turudi kwenye D yetu iliyopata watu watatu. 0.09 ni kipotoshi mfu. Hakuna dhana inayoelekea huko, kwa hiyo nafasi yake imepotea bure. Wiki kadhaa baadaye, nikitaka kupima tena, naandika A. 0.5, B. 0.81, C. 0.649, D. 0.0973. Anayesoma kila kilicho baada ya nukta kama namba nzima ataona 973 na kwenda D. Anayefikiri vivyo hivyo lakini ameshajua kwamba sifuri ikikaa kando ya nukta namba inakuwa ndogo, ataiacha D na kuchagua C. Wote wamekosa, ila huyu wa C ameshashika kipande cha thamani ya nafasi, na kwake somo la kesho linaanzia kwenye ile sifuri: imekaa nafasi gani, na kwa nini imeipunguza namba.