Kitenge cha waksi halisi na cha kuiga: kukagua kwa picha

"Muuzaji wa Eastleigh amenitumia picha za kitenge na kusema ni waksi halisi ya Uholanzi. Maandishi ya ukingoni yanasomeka vizuri. Je, yanatosha?"

Hayatoshi, kwa sababu maandishi ndiyo rahisi kuigwa kuliko yote. Mimi niliwahi kununua yadi 6 kwa ajili ya ruracio ya dada yangu kwa kutegemea ukingo pekee, ulioandikwa "Guaranteed Dutch Wax Vlisco" bila hata herufi moja kukosewa. Kitambaa kilipofika na fundi akakikunjua mezani, upande wa nyuma ulikuwa umefifia kama kitu kilichoanikwa juani miezi mingi.

Nilirudi kwenye zile picha nikakuta jibu lilikuwamo tangu mwanzo. Katika waksi ya kweli, utomvu mgumu unaofanana na nta hupakwa pande zote mbili za pamba, kisha hupasuliwa, na rangi ya nili hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Nyufa hizo hutokea ovyo, kwa hiyo ua lilelile linaporudiwa mbele kidogo, mishipa yake huwa mingine kabisa. Katika kitambaa changu, mshipa uliogawanyika kama panda ya manati ulikuwa mahali palepale kwenye kila ua, na hapo nikatambua kwamba nyufa zenyewe zilikuwa zimechorwa na kupigwa chapa pamoja na ua.

Rangi zinazofuata baada ya nili nazo huwekwa kwa awamu nyingine, hivyo hazilingani kikamilifu na michoro: hapa utaona uzi mweupe kati ya rangi na mstari, pale rangi imepanda juu ya mstari. Wengi hudhani huo ni uzembe, ilhali ni alama ya kazi yenyewe. Shuku kitambaa ambacho kila rangi imekaa ndani ya mstari wake bila kosa, lakini shuku pia kile ambacho rangi zote zimesogea upande mmoja kwa kipimo kilekile.

Mwombe muuzaji picha mbili mpya. Ya kwanza ionyeshe ua lilelile mara mbili au tatu, kwa karibu. Ya pili ionyeshe kona iliyokunjwa, ili mbele na nyuma zikae pamoja katika mwanga wa mchana, kitambaa kikiwa juu ya meza. Akikiinua dirishani, mwanga utapenya na kuifanya nyuma ionekane imekolea. Mkunjo huo uhusishe ukingo, kwani maandishi yanapaswa kuonekana nyuma pia, yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo.

Hata kikifaulu yote haya, utakuwa umejua kwamba ni waksi, si kwamba kimetoka Uholanzi, kwa maana Ghana na China pia hutengeneza waksi ya kweli.