Ukibadilisha jina la chaneli, linki za zamani zinakwenda wapi?

"Tuna mashua ya kupeleka wageni Takwa na Manda Toto, na chaneli ya YouTube. Tunataka kutoka @daulashela tuwe @madauyalamu, maana sasa vyombo ni vitatu. Lakini QR ya jina la zamani iko kwenye kadi na kwenye kuta za nyumba za wageni. Itakufa?" Nahodha, Shela

Itakufa, ila si siku hiyo hiyo. Ukibadilisha handle, yaani lile jina linaloanza na @, YouTube inakuwekea ile ya zamani kwa siku 14. Katika muda huo linki zote mbili zinamfikisha mgeni kwako, na ukijuta unaweza kuirudia. Siku hizo zikipita, ya zamani inaachiliwa na mtu mwingine anaweza kuichukua. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanajaribu kadi siku ya tatu, wanaona inafungua, wanasema mambo sawa.

QR yenyewe haiijui chaneli yako. Ndani yake mna maandishi ya linki tu, na yakishachapwa hayabadiliki. Kwa hiyo cha kuangalia ni linki ipi imo ndani. Kila chaneli ina anwani ya pili isiyofuata jina, inayoanza na UC na yenye herufi na tarakimu 24:

```
youtube.com/@daulashela
youtube.com/channel/UC...
```

Ya kwanza ni ya kumpa mtu kwa mdomo pale gatini. Ya pili haitamkiki, lakini haibadiliki hata ubadilishe jina mara ngapi. Ingia Settings za YouTube, kisha Advanced settings, utaikuta imeandikwa Channel ID. Nakili, itangulize youtube.com/channel/, ndiyo utengenezee QR mpya. Zungukia kuta zote na kadi mpya kabla ya siku 14 kwisha. Kisha zikishapita, piga skani kadi moja ya zamani, uone inafungua nini.

Pitia pia maelezo yaliyo chini ya video zako. Ulipoandika linki ya zamani kwa mkono, hakuna atakayekurekebishia.

"Na video zenyewe? Nimezituma kwenye magrupu mengi ya WhatsApp." Huyo huyo

Hazina neno. Kila video ina kitambulisho chake cha herufi 11, hakina jina lako ndani. Watazamaji, maoni na waliojiunga na chaneli wanabaki vilevile.

"Napika mahamri na biriani za oda hapa Malindi. Nilibadilisha jina Instagram miezi iliyopita. Sasa mteja ananiambia amefungua jina langu la zamani akakuta ukurasa wa mtu mwingine anayeuza chakula." Mama wa jikoni, Malindi

Pole, mama. Instagram nayo kwa kawaida hukupa siku 14 za kulirudia jina lako, baada ya hapo linaweza kuwa la yeyote. Wafuasi na picha zimehama nawe, lakini jina ulilolitaja ndani ya maandishi, lako au la mteja aliyekusifu, limebaki kama lilivyoandikwa, na sasa linaelekeza kwa mgeni.

Huenda jirani huyo hana nia mbaya. Ila kwa biashara inayopokea kianzio kwa M-Pesa, mimi singesubiri kujua. Waandikie wateja wa kudumu jina jipya na namba ileile ya kulipia, na uwaombe waliokutaja wahariri posti zao. Akijifanya ni wewe, kwa picha zako au jina la biashara yako, mripoti kwa kuigiza mtu mwingine. Kulichukua jina lililoachwa, peke yake, si kosa.

Anayetaka kubadilisha leo afanye hivi: jina la zamani likishakuwa huru, lifungulie akaunti ndogo yenye posti moja tu, "tumehamia huku". Kuna hatari ya kuwahiwa, lakini ni afadhali kujaribu.

"Chaneli yetu ya kasida ina tiki. Tukiongeza neno 'Lamu' kwenye jina, inabaki?"

Haibaki. Ukigeuza jina la chaneli YouTube, tiki inaondoka na mnaomba upya. Kama shida ni watu kutowapata, andikeni Lamu, Maulidi na kasida kwenye vichwa vya video na maelezo ya chaneli, jina liacheni.

"Nilibadilisha jina wiki jana. Mtu akitafuta la zamani hanioni, akitafuta jipya anaona wengine."

Jina jipya linaweza kuchukua siku kadhaa kuenea YouTube nzima, kwa hiyo nusu ya tatizo ni subira. Nusu ya pili ni kwamba watu bado wanaandika jina walilolizoea. Kwenye maelezo ya chaneli, mstari wa kwanza kabisa, weka "zamani tulijulikana kama" ulitaje. Liache hapo muda mrefu. Na kama jina jipya ni "Pwani Tv" au mfano wake, mko wengi humo. Ongeza mtaa wako.