Maji ya kijiji nani alipie: anayechota sana au mwenye uwezo? Nilichojifunza nikiwa mhazini wa jumuiya ya maji

Mbukwenyi ndugu zangu. Kuna watu wananiuliza sana hili swali la michango, hasa wale mliochaguliwa juzi juzi kwenye kamati za maji huku vijijini, kwa hiyo leo naandika yote niliyopitia nikiwa mhazini wa jumuiya ya maji kijijini kwetu, wilaya ya Bahi.

Kwenye kugawana gharama za huduma ya watu wote kuna njia mbili kubwa zinazogombana, na zinagombana serikalini kama zinavyogombana chini ya mbuyu. Moja inasema anayefaidika ndo alipe, na alipe kadiri anavyofaidika. Wachumi wanaiita kanuni ya manufaa. Nyingine inasema kila mtu alipe kadiri ya uwezo wake bila kuangalia ametumia kiasi gani, hiyo ndo kanuni ya uwezo wa kulipa. Ukichukua tozo ya barabara iliyomo kwenye bei ya petroli na dizeli, wazo lake ni la kwanza, unayeendesha sana unanunua mafuta mengi na unachangia zaidi Mfuko wa Barabara. Ukichukua kodi ya mshahara ni la pili, mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi, na ukipanda unakatwa asilimia kubwa zaidi mpaka 30 kwa kile kinachozidi milioni 1.

Sasa njooni kisimani.

Kisima chetu ni kirefu, kina mashine ya dizeli, vituo vitatu vya kuchotea na mbauti moja ya kunyweshea mifugo. Kaya ziko 300. Gharama za mwezi wa kiangazi zilikuwa hivi: dizeli 600,000, mwendesha mashine 150,000, wauza maji watatu kila mmoja 50,000 yaani 150,000, na akiba ya matengenezo 300,000. Jumla 1,200,000. Kamati iliyotutangulia iligawa kwa 300, kila kaya 4,000, wakasema huo ndo usawa.

Huo haukuwa usawa wa kanuni yoyote, na hapa naomba mnielewe vizuri maana kijiji kingi kinaangukia hapa. Mchango wa kichwa sawa hauangalii umetumia nini wala una nini. Ni kama ile kodi ya maendeleo ambayo serikali iliifuta 2003, ambayo mtu asiye na kitu na mwenye duka wote walikuwa wanadaiwa. Kwetu sisi theluthi ya kaya ziliacha kulipa ndani ya miezi michache, na ukiwauliza wanakwambia neno moja tu, "ng'ombe."

Nikakaa na daftari nikapiga hesabu ya ng'ombe. Kijiji kilikuwa na ng'ombe kama 600 wanaokuja mbautini, mali ya kaya kama 40. Ng'ombe mmoja kwa jua letu la mwezi wa kumi anakunywa lita 30 hivi kwa siku, kwa hiyo 600 ni lita 18,000, sawa na ndoo 900 za lita 20. Watu wote kwenye vituo walikuwa wanachota ndoo 800 kwa siku. Yaani mifugo ilikuwa inakunywa kuliko watu, na kaya 260 zisizo na hata ndama zilikuwa zinanunua dizeli ya kunyweshea mali za kaya 40. Mwenye ng'ombe 40 alikuwa analipa 4,000, na mama muuza vitumbua anayechota ndoo mbili naye 4,000.

Tukahamia kwenye manufaa. Ndoo 1,700 kwa siku ni 51,000 kwa mwezi, ukigawa 1,200,000 kwa hizo unapata kama shilingi 24 kwa ndoo. Tukaweka ndoo mbili kwa 50, na ng'ombe tukaweka 1,000 kwa kichwa kwa mwezi, maana kusimama pale kuhesabu lita za kila ng'ombe haiwezekani. Watu wakatoa 600,000, ng'ombe wakatoa 600,000, hesabu ikafunga. Na uzuri mkubwa wa njia hii niliuona siku ya kwanza, hakuna kudaiana. Usipolipa hupati maji, koki inajifunga yenyewe, humhitaji mgambo. Maji yanayomwagika ovyo nayo yakapungua.

Nikadhani tumemaliza. Mwezi wa pili nikaona tatizo kwa macho yangu.

Kuna bibi mmoja jirani yetu, analea wajukuu watano na binti yake ni mgonjwa wa kitandani. Mgonjwa wa kitandani anataka maji, mashuka yafuliwe kila siku, kwa hiyo bibi alikuwa anachota ndoo sita. Ndoo sita ni 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Kumbe kwenye ule mchango mbovu wa zamani alikuwa analipa kidogo kuliko sasa! Wakati huo huo mtumishi mmoja mwenye mshahara, anaishi peke yake, anachota ndoo mbili, analipa 1,500. Kwa kanuni ya manufaa hapo hakuna kosa lolote, bibi ametumia mara tatu analipa mara tatu.

Halafu nikamwona asubuhi moja anatoka korongoni na wajukuu wawili, wamebeba madumu ya njano, yale maji ya kufukua mchangani, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia bibi shikamoo, mbona huko tena? Akanijibu taratibu, "Mwanangu, ya kisimani nachukua tatu za kunywa na kupikia, za kufulia nachota huku." Wiki ile ile mjukuu wake mdogo akaharisha. Na mtoto akiharisha kwa bibi haishii kwa bibi, watoto wanacheza pamoja. Hapo ndo nikaelewa udhaifu wa kanuni ya manufaa, inahesabu faida ya yule anayechota tu, haihesabu faida ya jirani anayeokoka kuugua kwa sababu mwenzake amechota maji safi. Pia inachukulia kwamba ndoo nyingi ni dalili ya kufaidika tu, haijali mfuko una nini.

Masika yakaja na shida nyingine. Watu wanakinga mvua, ng'ombe wanakunywa kwenye malambo, mapato yakashuka mpaka 250,000. Dizeli nayo ilishuka, sawa, lakini mwendesha mashine, wauza maji na akiba bado ni 600,000, hizo hazijui mvua wala jua. Nawashauri mliangalie hili mapema kwenye daftari lenu: gharama ipi inapanda kila ndoo inapochotwa, na ipi ipo hata asichote mtu. Ukishazitenga hizo mbili, ugomvi wa kanuni unapungua nusu nzima.

Sisi tulizitenga hivi. Dizeli 600,000 ilipwe kwa kuchota, ndoo ikashuka ikawa nne kwa 50, ng'ombe 500 kwa kichwa. Watu 300,000, ng'ombe 300,000. Zile 600,000 nyingine, za kisima kuwepo tu, zilipwe kwa uwezo: kaya 60 za juu 5,000 kila moja, kaya 150 za kati 2,000, kaya 90 za chini hazitoi kitu. Bibi akawa analipa 2,250 kwa ndoo zake zote sita, na korongoni akaacha kwenda. Mtumishi akawa 5,750. Mwenye ng'ombe 40 akawa 20,000 za ng'ombe na 5,000 juu yake, bado hajagusa ndoo za nyumbani.

Sasa kazi ngumu kuliko zote, kujua nani ana uwezo. Serikali ikimkata mtumishi inaona mshahara kwenye karatasi, sisi tulikuwa tunaona paa. Kamati ikapita ikaandika, nyumba ya bati kundi la juu, tembe kundi la chini. Ikawa aibu kwenye mkutano. Mama mmoja nyumba yake ya bati alijengewa na mwanae aliyeshafariki, hana kipato chochote, tumemwandika juu. Mzee mwingine anaishi kwenye tembe aliyozaliwa, ana ng'ombe 80, tumemwandika chini. Tena hao 80 wengine wamelala kwa ndugu vijiji vya jirani, maana huku kwetu mtu haweki mifugo yote zizi moja, ukame au ugonjwa ukija usimmalize. Hapo sio kuficha, ndo maisha yetu, lakini kwa mhazini ni uwezo usioonekana. Kilichotusaidia ni kuisoma orodha kwa sauti kwenye mkutano wa kitongoji, kitongoji kimoja kimoja, watu wakasahihisha wenyewe, tukahamisha kaya nyingi tu. Usiifungie orodha ofisini.

Usijaribu pia kumuuliza mtu "kwako haya maji yana thamani ya shilingi ngapi" ili alipe hivyo. Kuna mchumi wa Sweden, Erik Lindahl, aliandika 1919 kwamba kila mtu alipe sehemu inayolingana na thamani anayoipa huduma. Kwenye karatasi inapendeza mno. Sisi tulijaribu kwenye kaya kumi, wote wakataja kidogo kuliko wanavyolipa tayari, maana mtu akijua jibu lake ndo bili yake atalishusha.

Na jiandae kwa yule mwenye kisima chake. Kwetu yupo, ana gari na amechimba nyumbani, tukamwandika 5,000. Akasimama mkutanoni kwa heshima zote akasema, "Mimi kwenu sichoti hata kikombe, nalipia nini?" Kwa kanuni ya manufaa yuko sahihi, kwa kanuni ya uwezo anadaiwa. Alikaa miezi minne hajatoa, na sisi hatukuwa na la kumfanya, maana koki ya kumfungia hatuna. Kanuni ya uwezo inataka chombo chenye nguvu ya kudai kama TRA, jumuiya ya kijiji ina mdomo tu. Kwa hiyo msiweke sehemu kubwa sana kwenye kundi la juu, wakigoma watano mshahara wa mwendesha mashine umeyumba.

Ile tozo ya barabara nayo niliikuta kisimani. Dizeli ya mashine yetu tunanunua kituo cha mafuta kile kile cha malori, tozo ikiwemo, na mashine imefungwa kwenye zege, haijawahi kugusa lami. Kipimo cha manufaa kinachokisia tu kinaweza kumtoza asiyefaidika kabisa.

La mwisho lilikuwa bomba la kwenda kitongoji cha mbali. Kundi lisilotoa kitu wote wakanyoosha mikono kukubali, kundi la 5,000 karibu wote wakakataa, na kila upande ulikuwa na sababu yake, maana anayelipa ni mwingine na anayepata ni mwingine. Uwezo unakwambia nani alipe, haukwambii kama kitu kinafaa kujengwa. Tukarudi kwenye manufaa: kitongoji kile kichimbe mtaro chenyewe, kaya na kipande chake, jumuiya inunue mabomba tu kwenye akiba. Mtaro ulikuwa mita 800. Wengi wao walikuwa kwenye lile kundi lisilotoa hela, wakachimba siku 11 kabla jua halijawa kali, na bibi mwingine, wa nyumba ya pili kutoka barabarani, akatoa kipande cha shamba lake mtaro upite.