Mashine, dobi au mama wa kufulia?

"Tuko wanne, Dar. Nguo kama kilo kumi kwa wiki. Mama wa kufulia namlipa 10,000 kila wiki, dobi anataka 3,000 kwa kilo. Mashine ya 700,000 inalipa kweli?"

Dada, kwa dobi ni 30,000 kwa wiki, yaani 1,560,000 kwa mwaka. Mpelekee suti na mablanketi tu.

Mama wa kufulia ni 520,000. Ongeza sabuni ya 3,000 kwa wiki na maji, unafika karibu 696,000.

Mashine ihesabu hivi: ikidumu miaka saba, kila mwaka imekula 100,000. Sabuni na maji weka yaleyale, 176,000. Tenga 50,000 za fundi. Umeme ndio watu wanauogopa bure: kufua kwa maji baridi mara mbili kwa wiki hakufiki uniti moja, hivyo 20,000 zinatosha mwaka mzima. Jumla 346,000. Ukiacha zile 100,000 za bei, kila mwaka unaokoa 450,000 kuliko kwa mama wa kufulia, hivyo bei yake inarudi baada ya mwaka na nusu hivi.

Hesabu hiyo inavunjika kwa mambo mawili. Ukifua kwa maji ya moto, umeme unapanda mara kadhaa. Na kama maji yenu ni ya madumu, mashine ya kujiendesha yenyewe itasimama katikati ikisubiri maji. Chukua ile ya matangi mawili, unayoijaza kwa ndoo.

Ila mkifua wenyewe, mnatumia 176,000 tu, na hapo mashine haiokoi pesa, inaokoa mgongo.