Ofa ya nusu bei kwenye ufunguzi wa spa: soma hii kabla hujachapisha bango

"Wakuu, mwezi ujao nafungua spa ndogo Sinza. Nina laki tano ya matangazo. Nawaza nusu bei kwa kila huduma wiki mbili za mwanzo. Na nitajuaje kipi kimeleta wateja?"

Achana na hiyo nusu bei. Kama bango liko kwa mchapishaji, mpigie sasa hivi.

Wazo hilohilo niliuziwa na jamaa anayejiita mtaalamu wa masoko, likanila mtaji. Masaji ya saa moja kwangu ni 50,000. Kwa nusu bei inaingia 25,000. Mhudumu anachukua kamisheni yake ya 15,000 kamili, maana mgongo aliokanda haukuwa nusu. Mafuta, kufua mashuka na taulo, maji na umeme, 6,000. Inabaki 4,000, na hapo hujagusa kodi ya fremu wala gharama ya tangazo. Vitanda vilijaa, wahudumu wakachoka mikono, na mteja aliyekuwa tayari kulipa bei kamili akaambiwa asubiri, akaondoka. Ofa ilipoisha, simu zikawa za swali moja tu: "Dada, ofa inarudi lini?"

Jamaa akaniletea ripoti ya maelfu ya watu "walioona tangazo". Kuona hakulipi kodi! Nilipomuuliza wangapi wamekuja kwa sababu ya tangazo lake, akaanza kuzungusha maneno. Asingeweza kujua: Instagram, vipeperushi na status ya WhatsApp vyote vilibeba bango moja lenye ofa ileile.

Kanuni yangu sasa ni hii: kila njia iwe na neno lake, na anayehesabiwa ni mteja aliyerudi kwa bei kamili. Bei usiiguse. Anayelipia masaji mwongezee skrabu ya miguu, ambayo kwangu inagharimu kama 3,000. Mteja wa Instagram ataje INSTA, wa saluni ya jirani alete kadi yenye neno SALUNI. Pale mapokezi weka daftari: tarehe, namba ya simu, neno alilotaja, alicholipa, tarehe aliyorudi. Asiyetaja neno, dada wa mapokezi amuulize kabla hajavua viatu, kwa sababu akishatoka amelegea hakumbuki kitu.

Niliporudia kwa mtindo huu, tangazo la kulipia la Instagram lilikula 150,000, wakaja 30, wakarudi 2. Kila aliyerudi kanigharimu 75,000. Kadi za saluni nilichapisha kwa 40,000, na msusi nikampa 5,000 kwa kila aliyemleta. Wakaja 9, jumla 85,000, wakarudi 5. Hapo ni 17,000 kwa kila aliyerudi, na skrabu sijaihesabu kote kuwili. Ukitazama waliokuja tu, Instagram ingeonekana imeshinda kwa mbali, na hela yote iliyobaki ungeimwaga huko.

Usifunge hesabu mapema. Wengi hufanya masaji baada ya mshahara, kwa hiyo subiri angalau wiki sita ndipo upige mstari kwenye daftari. Mpaka hapo, usitumie zaidi ya laki mbili kati ya hizo tano.